Shilingi Tano: Mkumbo, Kujiamini na Woga wa Hasara katika Hisa za Safaricom

Tarehe 28 Machi 2008 serikali ya Kenya ilianza kuuzia umma hisa bilioni 10 za Safaricom, yaani robo ya kampuni nzima, kwa shilingi 5 kila hisa. Kiwango cha chini cha maombi kilikuwa hisa 2,000, kwa hiyo mtu mwenye shilingi 10,000 aliweza kuingia. Mauzo yalipofungwa tarehe 23 Aprili, hisa zilizoombwa zilikuwa zaidi ya mara tano ya zile zilizokuwapo. Biashara ya hisa hizo ilianza rasmi katika Soko la Hisa la Nairobi tarehe 9 Juni, na siku hiyo hiyo bei ikavuka shilingi 7. Kabla ya mwaka kwisha bei ilikuwa imeshuka chini ya 5, na mwanzoni mwa 2009 ilikuwa chini ya 3.

Sehemu ya anguko hilo ilitoka nje ya Kenya, kwa sababu mgogoro wa fedha duniani ulishika kasi Septemba 2008 na wawekezaji wa kigeni wakaondoa fedha zao katika masoko madogo. Hilo mwekezaji wa kawaida hakuweza kulizuia. Ninachotaka kukieleza hapa ni kile kilichokuwa mikononi mwake, yaani namna alivyoamua kuingia, namna alivyoamua kiasi cha kuweka, na namna alivyoamua kubaki au kutoka. Kwa maoni yangu, makosa matatu ambayo vitabu vya fedha huyaeleza kila moja kwa sura yake hayaji yakiwa yametengana. Mkumbo humwingiza mtu, kujiamini kupita kiasi humfanya aweke fedha nyingi kuliko anavyoweza kumudu, na woga wa hasara humfunga humo ndani. Safaricom ya 2008 inaonyesha mfuatano huo waziwazi kuliko mfano mwingine wowote ninaoujua katika ukanda wetu.

Tuanze na mkumbo. Ni rahisi kusema kwamba watu walifuatana bila kufikiri, lakini maelezo hayo hayatoshi, na pia hayawatendei haki waliosimama kwenye foleni. Mwaka 1992 mwanauchumi Abhijit Banerjee alionyesha kwamba watu wenye akili timamu, kila mmoja akifikiri vizuri, wanaweza kwa pamoja kufikia uamuzi usio na msingi. Chukua watu kumi wanaotaka kujua kama hisa fulani inafaa kwa bei inayotajwa, na kila mmoja amesoma waraka wa mauzo kwa faragha na kupata hisia yake, ambayo ni sahihi mara nyingi kuliko inavyokosea, ingawa si kila mara. Wa kwanza amesoma na kuona inafaa, akanunua. Wa pili naye ameona inafaa, akanunua. Wa tatu amesoma na kuona haifai, lakini mbele yake kuna wawili walionunua, na anajiambia kwamba maoni mawili yanazidi moja, hivyo naye ananunua. Wa nne akimwona wa tatu, hajui kwamba yule hakuamini alichofanya. Anaona wanunuzi watatu, na hata kama usomaji wake mwenyewe unamwambia asinunue, ataufuata umati. Kuanzia hapo hakuna habari mpya inayoingia. Foleni inaweza kuwa na watu elfu moja, lakini ushahidi uliomo ndani yake ni wa watu wawili wa kwanza, na ikiwa hao wawili walikosea, wote wamekosea pamoja nao.

Kinachofuata ni kipimo ambacho ningependa kila anayesoma habari za mauzo ya hisa akikumbuke. Urefu wa foleni hausemi lolote kuhusu thamani ya hisa mpaka ujue ni wangapi kati ya waliosimama humo walifika kwa hesabu yao wenyewe. Mwaka 2008 wengi hawakufika kwa hesabu. Walifika kwa kumbukumbu ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ambayo hisa zake ziliuzwa kwa umma mwaka 2006 kwa shilingi 11.90 na bei yake ikapanda zaidi ya mara tatu baada ya kuingia sokoni. Watu walioikosa KenGen walikuwa wamewaona majirani na wafanyakazi wenzao wakipata faida, na mauzo ya Safaricom yalipotangazwa waliyaona kuwa ni nafasi ya pili ya jambo lile lile.

Tena, idadi ya maombi yenyewe huvimbishwa na mkumbo. Tuseme mtu anataka hisa 20,000, zenye thamani ya shilingi 100,000, na fedha hizo anazo. Anasikia kwamba maombi yatakuwa mengi na kila mwombaji atapewa takriban sehemu moja ya tano ya alichoomba. Ili apate 20,000, anaomba 100,000, na kwa kuwa fedha za maombi hulipwa kabla, anahitaji shilingi 500,000. Anakopa 400,000 benki, na wakati ule benki zilikuwa tayari kukopesha kwa ajili hiyo. Waombaji wengi wakifanya hivyo, maombi yanaonekana kuwa mara tano ya hisa zilizopo wakati mahitaji halisi yanakaribia kiasi kile kile kinachouzwa. Magazeti yakiandika kwamba maombi yamefurika, msomaji anayaona mafuriko hayo kuwa uthibitisho, kumbe ni hesabu ya watu waliokisiana.

Kuna gharama pia. Tuchukulie riba ya mkopo ni asilimia 15 kwa mwaka na fedha zilizobaki zinarudishwa baada ya miezi miwili. Riba ya shilingi 400,000 kwa miezi miwili ni shilingi 10,000. Ukiigawa kwa hisa 20,000 alizopata, kila hisa imeongezewa senti 50, kwa hiyo bei yake ya kweli ya kununulia ni shilingi 5.50, ingawa yeye mwenyewe ataendelea kusema kwamba alinunua kwa tano. Angeuza zote kwa shilingi 7 siku ya kwanza, na kulipa ada ya wakala ya takriban asilimia 2, angebaki na shilingi 137,200 dhidi ya 110,000 alizotumia. Hiyo ni faida nzuri. Tatizo ni kwamba wengi walioomba walikuwa na mpango huo huo wa kuuza mapema, na ikiwa kila aliyeitamani hisa hiyo ameshainunua kwenye mauzo ya kwanza, wanunuzi wa kuipandisha juu zaidi wanabaki wachache. Mauzo ya KenGen yalikuwa ya hisa zisizofika milioni 700. Safaricom ilimwaga bilioni 10 kwa mara moja.

Hapo ndipo kujiamini kupita kiasi kunapoingia, na nadhani hili ndilo kosa ghali kuliko mengine, kwa sababu ndilo linaloamua ukubwa wa fedha zinazowekwa. Mtu mwenye mashaka hufuata mkumbo kwa shilingi 10,000. Anayefuata mkumbo kwa mkopo ameshaacha kuwa na mashaka. Nimekaa na wanachama wa vyama vya akiba wanaoleta taarifa zao za CDS, akaunti ambamo hisa zao hutunzwa, na nimegundua kwamba swali la kuwauliza si kama walikuwa na uhakika, bali waliupata wapi uhakika huo. Jibu karibu kila mara ni mfano mmoja uliofanikiwa karibuni.

Hebu tuupime uhakika wa 2008 kwa hesabu ambayo ingeweza kufanywa nyuma ya bahasha. Kwa kuwa hisa bilioni 10 zilikuwa robo ya kampuni, hisa zote zilikuwa bilioni 40. Kwa shilingi 5, kampuni nzima ilithaminiwa shilingi bilioni 200. Faida yake baada ya kodi katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2008 ilikuwa takriban shilingi bilioni 13.9. Ukigawa 200 kwa 13.9 unapata zaidi kidogo ya 14, maana yake mnunuzi alikuwa analipa kiasi kinacholingana na faida ya miaka 14 hivi. Kwa kampuni inayokua haraka, bei hiyo haikuwa ya wizi wala ya bure. Sasa mchukue aliyeamini kwamba Safaricom itafanya kama KenGen na kupanda mara tatu. Mara tatu ya 5 ni 15, na 15 mara bilioni 40 ni shilingi bilioni 600, sawa na faida ya miaka 43. Aliyesema kwamba itafika 20 alikuwa anasema, bila kujua, kwamba kampuni hii moja itakuwa na thamani ya shilingi bilioni 800, kiasi kinachokaribia thamani ya kampuni zote zilizokuwa katika soko la Nairobi mwishoni mwa 2007. Mambo hayo yanaweza kutokea baada ya miaka mingi ya kukua, lakini kuyategemea katika miezi michache kwa fedha za benki kunahitaji sababu, na sababu iliyokuwapo ilikuwa KenGen tu. Tena faida ya mwaka uliofuata, ulioishia Machi 2009, ilishuka hadi takriban bilioni 10.5.

Dalili ya kujiamini kupita kiasi ni ufinyu wa makisio. Mwombe mtu akutajie bei ya chini kabisa na ya juu kabisa anayotarajia kwa hisa yake baada ya mwaka mmoja, akiwa na uhakika wa tisa kwa kumi kwamba bei halisi itaangukia katikati. Wengi hutaja nafasi ndogo mno, kisha bei halisi hutoka nje ya nafasi hiyo mara nyingi kuliko moja kwa kumi. Aliyenunua Safaricom kwa 5 akasema kwamba kwa vyovyote itakuwa kati ya 6 na 15, hakuwa mjinga, maana alikuwa na sababu za kuipenda kampuni hiyo. Kosa lake lilikuwa kwamba upande wa chini wa makisio yake ulianzia juu ya bei aliyonunulia, kwa hiyo hasara haikuwamo kabisa katika mawazo yake. Mtu wa namna hiyo hajajiandaa kwa lolote bei inapokuwa 4.

Kujiamini kuna sura nyingine, ambayo huwapata zaidi wale waliopata faida mara ya kwanza. Huanza kununua na kuuza mara kwa mara wakiamini kwamba wanaweza kulitangulia soko. Chukua mtu mwenye shilingi 100,000 anayelipa takriban asilimia 2 anaponunua na asilimia 2 anapouza, na ambaye kwa mwaka mmoja anafanya mizunguko sita kamili ya kununua na kuuza. Kila mzunguko unamwachia takriban 96 katika kila 100. Baada ya mizunguko sita anabaki na shilingi 78,300 hivi hata kama bei za hisa hazikusogea hata senti moja. Anahitaji kupata zaidi ya asilimia 27 juu ya kilichobaki ili tu arudi alipoanzia. Watafiti Brad Barber na Terrance Odean walichunguza kaya 66,465 za Marekani zilizokuwa na akaunti kwa wakala mmoja wa hisa kati ya 1991 na 1996. Kaya zilizonunua na kuuza mara nyingi zaidi zilipata faida ya asilimia 11.4 kwa mwaka, wakati soko lenyewe lilitoa asilimia 17.9. Hisa walizozichagua hazikuwa mbaya kiasi hicho. Kilichowala kwa sehemu kubwa ni gharama za kuingia na kutoka, yaani malipo ya imani kwamba wanajua.

Sasa bei iko 3, na yule mtu wetu ana hisa 20,000 zilizomgharimu 110,000 zikihesabiwa pamoja na riba, lakini sokoni zina thamani ya 60,000. Kuanzia hapa kinachomwongoza ni woga wa hasara. Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza jambo hili mwaka 1979, na katika utafiti wao wa 1992 walikadiria kwamba uchungu wa kupoteza kiasi fulani una uzito wa takriban mara mbili na robo ya furaha ya kupata kiasi kile kile. Ukimwambia mtu mrushe sarafu, akishindwa anakupa shilingi 10,000, wengi hawatakubali mpaka ushindi uwe shilingi 20,000 na zaidi. Ukiwa na hisa iliyoshuka, kuiuza ni kuukiri uchungu huo, na kuishikilia ni kuuahirisha. Kwa hiyo mtu huyu, ambaye angekataa kucheza sarafu alipokuwa na fedha taslimu, sasa anacheza kila siku bila kukubali kwamba anacheza.

Tazama anavyofanya anapohitaji fedha. Mwezi Januari karo inadaiwa, shilingi 60,000. Mbali na Safaricom, ana hisa za kampuni nyingine alizonunua kwa 46,000 ambazo sasa zina thamani ya 60,000. Karibu kila mtu atauza zile zenye faida na kubaki na Safaricom, akisema kwamba kule amevuna na huku anasubiri. Lakini bei aliyonunulia haijulikani na kampuni yoyote kati ya hizo mbili, wala haina nguvu juu ya bei ya kesho. Mbele yake kuna mafungu mawili ya 60,000, na swali pekee lenye maana ni lipi kati yake lina matumaini zaidi kuanzia leo. Odean alichunguza akaunti 10,000 za wakala mmoja huko Marekani kati ya 1987 na 1993, akaona kwamba wawekezaji waliuza asilimia 14.8 ya hisa zilizokuwa na faida, lakini asilimia 9.8 tu ya zilizokuwa na hasara. Katika mwaka uliofuata, zile zenye faida walizoziuza zilifanya vizuri zaidi kuliko zile zenye hasara walizobaki nazo, kwa tofauti ya pointi 3.4 hivi za asilimia.

Kusubiri bei irudi pale pale kuna hesabu yake ambayo hufichwa na neno "kurudi". Kutoka 5 kwenda 3 ni kushuka kwa asilimia 40, lakini kutoka 3 kwenda 5 ni kupanda kwa asilimia 67. Na muda nao hulipiwa. Bei ya Safaricom ilipanda na kushuka kwa miaka kadhaa, na haikutulia juu ya shilingi 5 mpaka mwaka 2013. Tuchukulie kwamba shilingi 100,000 zingewekwa katika dhamana za serikali zenye riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Baada ya miaka minne na nusu zingekuwa takriban shilingi 141,000. Aliyesubiri hadi hisa zake zikawa na thamani ya 100,000 tena, akapokea njiani gawio ambalo kwa jumla halikufika shilingi moja kwa kila hisa, hakuwa amerudi alipoanzia, hata kama taarifa yake haikuonyesha tena alama ya kutoa. Miaka ya mfumuko mkubwa wa bei, kama 2011, ilikuwa imeila thamani ya fedha hizo pia.

Kisha likafuata jambo ambalo linaniuma zaidi ninapoangalia taarifa za zamani. Wengi waliuza mara tu bei ilipofika 5 au 6, kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa kifungo. Kufikia mwisho wa 2013 bei ilikuwa imevuka 10, na mwishoni mwa 2017 ilikuwa juu ya 26. Waliovumilia miaka yote ya hasara waliondoka faida ilipoanza, na sababu ya kuvumilia na sababu ya kuondoka ilikuwa moja, yaani shilingi 5 iliyoandikwa akilini. Katika miaka hiyo kampuni yenyewe ilibadilika sana, M-Pesa ikakua ikawa tegemeo la mapato, lakini mtu anayeangalia bei yake ya kununulia hana nafasi ya kuyaona hayo.

Simaanishi kwamba kila anayeshikilia hisa iliyoshuka amekosea. Aliyenunua zaidi kwa 3 mwaka 2009 kwa sababu alisoma hesabu za kampuni alifanya vizuri sana. Tofauti kati yake na aliyekwama haionekani kwenye taarifa ya akaunti, kwa sababu wote wawili wana hisa zile zile. Inaonekana ukiwauliza kwa nini wanazo. Mmoja atataja wateja, faida na gawio, na mwingine atataja bei aliyonunulia. Ndiyo maana katika vyama ninavyokaa navyo tunaandika mistari mitatu kabla ya kununua: thamani ya kampuni nzima kwa bei ya leo na faida yake ya mwaka, sababu ya kununua ambayo haitaji mtu mwingine aliyenunua, na jambo ambalo likitokea ndani ya kampuni tutauza, bila kujali bei iko wapi. Mstari wa pili ndio huwashinda wengi, na chama kikishindwa kuuandika tunaahirisha hadi mkutano unaofuata. Karatasi hiyo haimkingi mtu na anguko la soko zima kama la 2008. Kinachopatikana ni rekodi ya alichokuwa anafikiri kabla bei haijaanza kufikiri kwa niaba yake.

Kazi hiyo bado ipo. Agosti 2021 hisa ya Safaricom ilikuwa juu ya shilingi 40, na makala nyingi zilizungumzia Ethiopia, ambako kampuni ilikuwa imepata leseni mwaka huo huo. Ukizidisha 40 kwa bilioni 40 unapata trilioni 1.6. Mwishoni mwa 2023 bei ilikuwa karibu 14. Aliyekuwa amenunua kwa 40 na bado anasubiri 40 alihitaji bei ipande kwa asilimia 186, na kwa kila hisa 1,000 alizobaki nazo alipaswa kujibu kama siku hiyo, akiwa na shilingi 14,000 mkononi na bila hisa yoyote, angezinunua.